Usigawanye bei kwa wauzaji, gawanya fedha kwa kilo

Leo naomba tubishane kidogo kuhusu neno moja tunalolitumia kila siku: "wastani". Maoni yangu ni kwamba wastani wa wengi wanaopeleka mzigo Mwanjelwa ni wa uongo, na kuna fomula moja tu fupi ya kuurekebisha.

Tuseme umezunguka vijijini kukusanya maharage ya njano kwa watu wanne. Wa kwanza alikuwa na kilo 40 akakuuzia kwa 2,000. Wa pili kilo 60 kwa 2,100. Wa tatu kilo 120 kwa 2,300. Wa mwisho alijua una haraka ya kujaza gari, akakupa kilo 280 kwa 2,400. Unafika sokoni, dalali anakuambia mteja anatoa 2,280. Unauza au unaondoka?

Wengi hujumlisha zile bei nne, wanapata 8,800, wanagawanya kwa 4, inakuja 2,200. Basi wanaona kila kilo ina faida ya shilingi 80, wanauza. Kosa ni kwamba wamempa mwenye kilo 40 uzito sawa na mwenye kilo 280, wakati zaidi ya nusu ya mzigo imenunuliwa kwa bei ya juu.

Fungua Excel au Google Sheets kwenye simu yako. Safu A andika jina la muuzaji, B kilo, C bei ya kilo moja. Mstari wa kwanza uwe wa vichwa, watu waanzie mstari wa pili. Kisha nenda pembeni, kwenye E1, uandike:

```
=SUMPRODUCT(B2:B100,C2:C100)
```

Inachukua kila kilo, inazidisha kwa bei iliyo kwenye mstari huohuo, halafu inajumlisha majibu yote kwa mara moja. Utapata 1,154,000. Nimeandika hadi 100 kwa makusudi, ili ukiongeza muuzaji wa tano aingie mwenyewe. Mistari mitupu inahesabiwa sifuri. Sasa kwenye E2 gawanya fedha hiyo kwa jumla ya kilo:

```
=E1/SUM(B2:B100)
```

Jibu ni 2,308. Huo ndio wastani wa kweli. Ukiuza kilo 500 kwa 2,280 unapata 1,140,000, maana yake umepoteza 14,000 kabla hata hujalipa nauli na ushuru, huku ukidhani umepata faida ya 40,000.

Wapo wanaosema ni bora kuweka safu ya nne yenye malipo ya kila mtu, kisha kuijumlisha. Siwapingi kama unahitaji kuona deni la kila muuzaji. Lakini nimeona mara nyingi mtu anaongeza muuzaji mpya halafu anasahau kushusha fomula hadi mstari wake. Jumla inabaki ya jana. Ndiyo maana nasema jumla kuu itoke kwenye SUMPRODUCT.

Ila nayo ina tabia mbaya moja. Ukiandika "280kg" badala ya 280, inaliona hilo ni neno, inalihesabu sifuri, na haikwambii chochote. Katika mfano wetu jumla ingeshuka hadi 482,000. Ukigawanya, SUM nayo ingeziruka hizo kilo 280, na wastani ungekuja kama 2,191. Namba hiyo inafanana na ukweli, ndiyo maana ni hatari. Kwa hiyo weka na hii kwenye E3:

```
=COUNT(B2:B100)
```

Una wauzaji wanne, lazima isome 4. Ikisoma 3, tafuta namba iliyokaa upande wa kushoto wa kisanduku. Namba halisi hukaa kulia. Fanya hivyohivyo kwa safu C. Na ukiona #VALUE!, angalia kama safu zote mbili zinaanzia na kuishia mstari mmoja: B2:B100 haiwezi kwenda na C2:C99.

Jambo ambalo hakuna fomula itakayokusaidia ni kipimo. Ukiandika debe 3 kwenye safu ya kilo, simu itazidisha 3 kwa bei ya kilo bila kusita. Gunia la lumbesa nalo halina kilo mpaka lipande mzani. Pima kwanza, andika kilo, ndipo uzidishe. Dalali akitaja bei, mwangalie usoni ukiwa umeshaisoma E2.