Barua wazi kwa kampuni ya simu: rudisha yunite zetu zote, hatukuomba hii abonema

Bwana Mkurugenzi wa ajanse ya Kalemie,

Ninakuandikia juu ya abonema moja ya «mambo ya mpira» yenye mumeniwekea kwa simu bila mimi kuomba. Jina la kampuni yenu siandiki hapa, juu barua yenye namba yangu munayo tayari. Hapa ninaeleza madai, ili kila mwenye simu ajue namna ya kudai yake.

Mambo ilikuwa hivi. Tarehe 3 Machi mesaji iliingia kutoka namba fupi: «Umekaribishwa, yunite 10 kwa siku.» Sikuandika kitu, sikufinya kitu. Tangu pale, kila nikiweka yunite 50, ninabakia na 40 mbele hata ya kuita mutu. Siku simu haina kitu, mashine yenu inangoja. Mutu akinitumia yunite, inakata palepale. Nilihesabu mesaji za kukata mpaka tarehe 17 Aprili: ni 31. Mara 10, ni yunite 310. Kwa kijana mwenye lisanse anayetembeza dosie ya kazi toka Kataki mpaka ng'ambo ya Lukuga, ile ni siku nyingi za kuita.

Kwenye gishe walinijibu: «Ulifinya mwenyewe.» Sawa. Basi onyesheni. Kila abonema inaacha alama ndani ya mashine yenu: siku, saa na dakika iliyofunguliwa, na njia iliyopitia. Njia ni chache: mesaji iliyotumwa na mteja, kodi iliyopigwa kwa nyota na diyezi, ukurasa wa enterneti, ao kile kidirisha kinachojitokeza chenyewe kwenye skrini na neno «OK». Hii ya mwisho njo mtego mkubwa. Mama muuza ndagala anataka tu kuondoa kidirisha ili apokee simu ya mteja, anafinya OK, na mashine inaandika kwamba amekubali. Kufinya kwa namna ile si kukubali. Kukubali kwa kweli kunataka hatua mbili: kwanza bei ionekane waziwazi, kisha mteja ajibu yeye mwenyewe kwamba anataka.

Na sheria iko upande wetu. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, kile cha tarehe 30 Julai 1888, kinasema kwa kifungu cha 8 kwamba mapatano hayasimami bila ukubali wa yule anayejifunga. Kitabu kilekile kinasema anayepokea kitu kisichokuwa haki yake, kwa makosa ao kwa kujua, anapaswa kukirudisha. Hakisemi arudishe nusu. Hakisemi arudishe ya juma la mwisho tu, namna mulivyonipendekezea.

Musiseme pia kwamba ni pesa kidogo. Tunakumbuka RAM. Toka Septemba 2020 ilikuwa inakatwa ndani ya yunite zetu, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na 4G. Ile ilikuwa na saini ya serikali, na bado raia walikataa mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Abonema yenu haina hata saini yangu.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, ndani ya siku 15:

1. Mufunge hii abonema, na muzuie huduma zote za namna hii kwenye namba yangu mpaka niombe mwenyewe kwa maandishi.
2. Munipe karatasi inayoonyesha siku, saa na njia iliyofunguliwa, pamoja na orodha ya mara zote zilizokatwa.
3. Murudishe yunite zote 310, kama yunite za kuita. Si bonus inayokufa kisha saa 24.

Mukikosa kujibu, dosie hii itaenda ARPTC, wenye kazi ya kuangalia kampuni za simu katika nchi yetu.

Kwa ndugu na dada wanaosoma: musifute zile mesaji, hata kama zinakasirisha. Ile ya kwanza njo inaonyesha siku na bei, na zingine njo hesabu yako. Tuma STOP kwa namba ileile na uchunge jibu, kisha uangalie kesho yake kama wameacha kweli. Andika barua nakala mbili. Moja wabakie nayo, ya pili irudi kwako na muhuri wao na tarehe. Bila ule muhuri, kesho watakuambia hawakukuona.

Kijana raia wa Kalemie, Tanganyika