Bundi Hapigi Ramli, Hupima Umbali

Bundi akitua juu ya paa huko Keko, Dar es Salaam, akaanza kuzungusha kichwa, kukiinua na kukiinamisha, wapo watakaosema kwamba anatabiri kifo, na watoto watamtupia mawe. Hukumu hiyo si ya haki, kwani ndege huyo anapima tu.

Macho ya bundi si ya mviringo kama ya binadamu. Yana umbo la mrija, nayo yamekazwa katika mifupa ya fuvu, hata hayawezi kuzunguka. Kwa hiyo atakapo kutazama kando hana budi kugeuza shingo. Shingo hiyo ina pingili 14, hali ya mtu ina 7 tu, nayo huweza kuzunguka nyuzi 270 hivi.

Lakini kugeuka pekee hakutoshi kumjulisha panya yu mbali kiasi gani. Ndipo huchezesha kichwa. Kichwa kikisogea sentimita 5, kitu kilicho umbali wa mita 1 huonekana kuhama nyuzi 3 hivi. Kilicho mita 10 huhama sehemu ya kumi tu ya kiasi hicho. Kwa tofauti hiyo bundi hutambua kilicho karibu na kilicho mbali.

Mwanafunzi afumbe jicho moja, anyoshe kidole mbele ya ukuta, kisha asogeze kichwa kando: kidole kitaonekana kuhama juu ya ukuta. Akiisha kuliona hilo, ataliweka chini jiwe lililokusudiwa mla panya.