Barua kwa Ajuaye Tayari

Wenzangu darasani wailaumu riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali, Barua Ndefu Kama Hii, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979. Wauliza, mbona Ramatoulaye amsimulia Aissatou talaka ya Aissatou mwenyewe, hata kumnakilia barua aliyomwachia mumewe?

Mimi sioni kosa. Msimulizi wa kawaida angetupa habari tu. Hapa twamwona mjane, ambaye hakuondoka mumewe alipomwoa rafiki ya binti yao, akiyarudia maneno ya shoga yake aliyethubutu kuondoka. Hasemi kama ajuta. Kunakili kwake kwasema.

Kaka yangu huniandikia kutoka machimboni Geita. Hujaza ukurasa kwa mavuno ya pamba ya nyumbani, tuliyovuna pamoja. Deni hulitaja mstari wa mwisho. Siku hizi barua zake huzisoma nikianzia chini.