Kazi inayosomwa hadharani

Programu huria mara nyingi huzungumziwa kwa jumla, lakini kijana wa Afrika anayejua Java angefaidika zaidi na mfano wa jirani. OpenMRS, mfumo wa kutunza rekodi za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za Eldoret, Kenya, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote hadi leo.

Mgeni haanzi kwa kuomba kazi. Anachagua tiketi ndogo yenye alama ya `Ready for Work`, anajiandikisha kuishughulikia, kisha anafungua tawi lenye namba ya tiketi hiyo:

```
git checkout -b TRUNK-1234
```

Anarekebisha kosa, anaandika jaribio la kulithibitisha, anatuma. Hapo ndipo wengi hukwama: kihariri chao kimepanga upya nafasi za faili zima, na badiliko la mistari mitatu linaonekana kama la mistari mia tatu. Mhakiki hajui aangalie wapi, kwa hiyo anairudisha kazi. Dawa ni kupitia `git diff` kabla ya `git add`.

Majibizano yote hubaki hadharani. Mwajiri wa Nairobi au Kampala anaweza kusoma jinsi kijana alivyopokea ukosoaji na alivyorudi na marekebisho, mambo ambayo barua ya maombi haionyeshi. Mhakiki aliyepitia kazi yake mara kadhaa anaweza pia kumdhamini.

Hata hivyo wahakiki wana ajira zao, na jibu huweza kuchukua wiki kadhaa. Anayehitaji mshahara mwezi huu asitegemee njia hii peke yake.