Neno "wazimu" lisikanyage tena madhabahu yetu

Leo sileti ahadi ya wiki. Nina jambo na ninyi, na kabla sijawagusa ninyi nitajigusa mwenyewe, kwa hiyo someni mpaka mwisho ndipo mnijibu huko chini.

Miezi michache iliyopita, kwenye mkesha wetu hapa Miritini, nilishika kipaza sauti nikasema, "Leo wazimu unatoka!" Nilikuwa nimemwekea mikono kijana mmoja. Kanisa likalipuka kwa makofi. Jumapili iliyofuata nikasikia vijana wa kwaya wakimwita "Legioni", na wale wa nje ya kanisa wakimwita chizi. Mama yake alikuwa amekaa safu ya tatu. Hakuna aliyemwangalia usoni, na mimi nikiwemo.

Kijana huyo alikuwa tanboi wa malori ya makontena. Ugonjwa ulianza polepole. Kwanza aliacha kulala. Halafu akawa anasema redio ya jirani inamtaja yeye, na wenzake kule yadi wanapanga njama wakimwona anapita. Akaacha kuoga, akaacha kazi, akawa anacheka peke yake akijibu sauti ambazo mama yake hazisikii. Mama alikaa na hali hiyo miezi minane bila kumwambia mtu. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Mchungaji, kwenye ploti yetu ukisema tu, nyumba inaitwa nyumba ya wazimu. Nina binti wa kuolewa." Miezi minane, wapendwa, na kilichokuwa kimeufunga mlango wa mama yule ni neno tu.

Sasa mtu ataniambia, "Mchungaji, hayo ni maneno ya mtaani, watu wanacheza." Haya, tuyatazame hayo maneno. Sikiliza "mwendawazimu": limo mzimu ndani yake. Anayelitamka ameshasema kwamba mtu huyu anatembea na roho za wafu. Chukua "majinuni", ambalo wazee wetu wa Pwani walilipata kwa Kiarabu: limo jini ndani yake. Kwa hiyo kabla hujampima mtu, kabla hujamuuliza amelala lini, mdomo wako umeshatoa jibu la daktari na la nabii kwa pamoja. Na sisi tunaopiga kelele juu ya kuacha mila za mizimu ndio tunaolirudia neno la mizimu kila siku, tena juu ya madhabahu! Hili lilinichoma nilipolitambua.

Neno hilo moja limerundikiwa kila kitu, na hapo ndipo linapoweza kuua. Mtu akianza kusema ovyo ghafla, leo hii hii, na mwili una joto kali, huyo usimfungie chumbani umwombee mpaka asubuhi. Hapa Pwani malaria ikipanda kichwani inafanya hivyo hivyo, na homa ya uti wa mgongo pia. Mwenye kisukari sukari ikishuka sana anaweza kugombana na watu, akatukana, halafu akazimia. Hao ni wa kukimbizwa hospitali saa ile ile, hata kwa bodaboda usiku wa manane. Ugonjwa wa kijana wetu ulikuwa mwingine: ulijengeka kwa wiki na miezi, bila homa, usingizi ukitangulia kuondoka, kisha sauti, kisha kuwashuku watu wote. Mtaani wote hawa wanaitwa jina moja. Ukishamwita mtu wazimu, hakuna anayetafuta kipimajoto.

Kuna ndugu wachungaji watakaosema nimekuwa mtu wa kidunia. Fungueni Mathayo 4:24, msome wenyewe. Mwinjili anaorodhesha waliomjia Bwana, na anawataja wenye pepo mahali pake, wenye kifafa mahali pao, na waliopooza mahali pao. Aliyekuwepo alijua kutofautisha. Sisi tulioko mbali miaka elfu mbili tumewafanya wote kundi moja. Mimi naamini pepo wapo na wanatoka kwa jina la Yesu, sijabadilika hata kidogo. Ninachokataa ni uvivu wa kuita kila ugonjwa wa kichwa pepo, halafu mtu asipopona tunamlaumu kwamba hana imani. Na yule wa kwenye makaburi ya Wagerasi, ambaye vijana wangu wamechukua jina lake wakalifanya mzaha: Bwana alipomfikia alimuuliza jina. Watu wa mji walikuwa wamejaribu minyororo.

Tena jikumbusheni ni nani wengine waliowahi kutupiwa neno hili. Soma Marko 3:21, soma Yohana 10:20: alitupiwa Bwana mwenyewe, na katika Marko walikuwa jamaa zake. Festo alimtupia Paulo mbele ya mfalme, Matendo 26. Kila mara lilitumika kwa kazi moja, kumfanya mtu asisikilizwe tena. Ndiyo kazi linayoifanya hata leo. Makanga akigombana na abiria juu ya chenji anasema, "Wewe ni wa Port Reitz," na maneno ya abiria yanaishia hapo, hata kama chenji kweli ni yake. Fikiria sasa aliye mgonjwa hasa, akisema dawa inamuumiza, au kwamba amepigwa. Nani atamsikiliza?

Na hilo la Port Reitz tulitazame, maana ni hapa hapa kwetu. Watu wa Pwani hupelekwa huko kutibiwa, sisi tumelifanya jina la hospitali kuwa tusi, halafu tunashangaa mgonjwa akikataa kushuka kwenye tuktuk langoni. Wenzetu wa Nairobi wamefanya hivyo hivyo na Mathari. Mahali pale palianzishwa mwaka 1910 kama nyumba ya kuwafungia waliokuwa wakiitwa wendawazimu. Mwaka 1924 jina likabadilishwa kuwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, na leo ni hospitali ya taifa ya mafunzo na rufaa. Jina limebadilishwa, tusi limelifuata kila lilipohamia. Hapa nawapa haki wanaonipinga: ni kweli, ukibadilisha neno bila kubadilisha jicho, neno jipya litaoza vilevile. Nimeshasikia vijana wakiita mvua ya Mombasa "baipola". Hilo ni jina la ugonjwa wa watu wanaoketi nasi ibadani, na limeshaanza kuchakaa.

Lakini kwamba neno jipya linaweza kuoza si ruhusa ya kuendelea na lililooza tayari. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Na ulemavu kwa mujibu wa Katiba hiyo ni pamoja na wa akili. Yaani waliotunga sheria walifikiria mpaka namna ya kumwita mtu. Kweli, Katiba hiyo hiyo inamnyima kura mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu, na wapo wanaolihoji fungu hilo pia. Hayo nawaachia mawakili. Ninachouliza ni kwa nini serikali ilifika kwenye jambo hili kabla ya kanisa.

Nirudi kwa kijana wetu. Usiku mmoja alikimbilia barabara kuu, katikati ya malori, akiamini anafukuzwa. Jirani, tena si mtu wa kanisa letu, alimshika akampeleka hospitali. Akaanzishiwa vidonge, baadaye sindano ya kila mwezi. Sauti zikapungua, akalala. Lakini baada ya wiki mbili mikono ikaanza kutetemeka, taya ikakaza, ulimi ukawa mzito, akawa anatembea kama ubao. Na sisi tukafanya nini? Dada mmoja wa maombi akamwambia mama, "Unaona, pepo wamerudi kwa namna nyingine." Mwingine akasema dawa zimemfanya zombi. Mama akawa tayari kuziacha.

Muuguzi ndiye aliyemwokoa. Alimweleza kwamba kukaza kule hakutokani na ugonjwa wala pepo. Baadhi ya dawa hizi huzuia mawasiliano fulani ya ubongo ambayo ndiyo yanayoleta zile sauti, lakini mawasiliano ya aina hiyo hiyo ndiyo mwili unayoyatumia kuongoza misuli, kwa hiyo misuli nayo inakaza. Daktari alipunguza kipimo, akaongeza kidonge kingine cha kulegeza, na ndani ya siku chache kijana akaweza kushika kijiko. Taya au shingo ikikaza ghafla, au macho yakigeuka juu yakagoma kushuka, unarudi hospitali siku ile ile. Dawa usiikate mwenyewe. Ukiikata ghafla, mtu anaweza kuonekana mzima wiki kadhaa, watu wakatoa ushuhuda, kisha ugonjwa ukarudi ukiwa mkali zaidi. Nimeshawahi kupokea ushuhuda wa namna hiyo madhabahuni, nikashangilia. Sitasema ulivyoisha.

Kwa hiyo, kanisa, kuanzia sasa. Nikilisema neno lile tena kwenye mimbari, mzee yeyote ana ruhusa ya kunisimamisha. Kwaya, jina la "Legioni" limekufa leo. Ninyi vijana mnaovaa fulana za "chizi wa Yesu", sitawavua, najua mnamaanisha kumpenda Bwana sana, lakini mjue mama yule anaisoma fulana hiyo akiwa safu ya tatu. Kuhusu "bei ya wazimu" sokoni, sitagombana na mtu. Mimi vita vyangu ni pale neno linapomwangukia mtu mwenye uso. Mwite kwa jina alilopewa na wazazi wake. Ikibidi kutaja ugonjwa, sema anaumwa, au anaishi na ugonjwa wa akili, kama unavyosema fulani anaishi na kisukari. Wazee wetu wa Pwani walishatuonya: hujafa hujaumbika.

Wahudumu wa maombi, hakuna kumfungisha mgonjwa wa namna hii siku tatu bila chakula na maji, na hakuna kumwambia mtu aache dawa. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, 1 Wafalme 19, malaika alimletea mkate na maji akamwacha alale, kisha akamlisha mara ya pili. Anayetaka kuombewa ataombewa, na kadi yake ya kliniki aje nayo mfukoni.

Jumapili hii kijana anapiga kinanda ibada ya pili. Ameniomba mwenyewe, na mama amekubali niwaandikie haya. Mkiona kidole kinatetemeka kwenye wimbo wa polepole, ni dawa, msigeuke kutazamana.

Mubarikiwe. Mchungaji wenu, Miritini.