AFYA NYUMBANI: Picha Tumeiondoa, Kidonda Kipelekwe kwa Daktari

Ndugu msomaji, wiki hii tuna barua ya mama mmoja wa Mweya, katika rasi ile iliyo kati ya Mfereji wa Kazinga na Ziwa Edward. Mumewe ni askari. Barua yake ni fupi nasi tunaitoa kama ilivyo, ila majina tumeyaacha:

“Mume wangu ana kidonda katika mkono wa kuume, karibu na kifundo. Kilianza kama kipele kilichomwasha, sasa kimekuwa cheusi katikati. Namshukuru Mungu hakimuumi hata kidogo, na anakwenda zamu kama kawaida. Tumempaka majivu. Ninawaletea picha niliyoipiga kwa simu. Naomba mnitajie dawa.”

Picha hiyo hamtaiona katika ukurasa huu. Tumeiondoa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni heshima ya mgonjwa, kwani uso wake ulionekana na namba ya sare yake ilisomeka. Mwili wa mtu si tangazo, na mke hawezi kutoa ruhusa kwa niaba ya mumewe. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Tungeichapa picha ile na chini yake tukaandika jina la dawa, wasomaji wengi wangelinganisha vidonda vyao na ile picha, na baadhi yao wangejidhuru. Mwandishi wa barua hii tulimpigia simu siku ile ile ilipotufikia, tukamwambia neno moja tu: mpeleke mumeo hospitali leo, wala usingoje gazeti.

Kwa nini tulifanya haraka hivyo kwa kidonda kisichouma? Hapo ndipo penye somo letu.

Maneno “kidonda cheusi kilichoanza kwa kipele” huweza kuwa na maana nyingi. Huenda ni jipu lililokauka juu. Huenda ni mahali alipouma kupe mwenye vijidudu vya homa, kwa maana kupe wa porini huweza kuacha doa jeusi. Huenda ni kuumwa na buibui. Na huenda ni kimeta, ugonjwa wa wanyama unaoingia mwilini mwa binadamu penye mkwaruzo wa ngozi. Katika karatasi yote manne yanafanana. Katika matibabu hayafanani hata kidogo. Jipu lililoiva hupasuliwa na daktari ili usaha utoke. Kidonda cha kimeta hakipasuliwi wala hakikamuliwi, kwa maana kufanya hivyo huweza kueneza vijidudu mwilini. Basi yeyote atakayetoa shauri kwa maneno matatu ya barua anaweza kumwambia mgonjwa afanye lile hasa linalokatazwa.

Tena mama huyu aliandika “hakimuumi” kama habari njema. Kwa daktari ni habari ya kutia wasiwasi. Jipu huuma, tena hupwita usiku kucha. Kidonda cha kimeta huanza kwa kuwasha, baada ya siku moja au mbili hutoa malengelenge madogo yenye majimaji, kisha katikati hufa na kuwa gaga jeusi kama mkaa, na kwa kawaida hakina maumivu. Pembeni yake nyama huvimba kupita kiasi cha ukubwa wa kidonda chenyewe. Kisipotibiwa huweza kumuua hata mgonjwa mmoja katika kila watano. Kikitibiwa mapema, kifo ni nadra sana.

Sehemu hii ya nchi inaujua ugonjwa huu. Kati ya mwaka 2004 na 2005 kimeta kiliua zaidi ya viboko 200 katika Mbuga ya Malkia Elizabeth, na mwaka 2010 kikarudi. Aprili 2025 viboko wapatao 50 walikufa kwa ugonjwa huo huo upande wa Kongo, katika Mbuga ya Virunga, ambayo nayo inapakana na Ziwa Edward. Vijidudu vyake hujifunika ganda gumu na kulala katika udongo kwa miaka mingi, kisha ng'ombe, nyati au kiboko huvila pamoja na majani. Kwa hiyo daktari wa Kasese au Bwera aonapo gaga jeusi lisilouma, huuliza kwanza: umeshika mnyama gani?

Swali hilo halikujibiwa katika barua. Mama alitueleza baadaye, katika barua ya pili, kwamba hata yeye hakuwa na habari. Mumewe alikuwa amemsaidia mfugaji jirani kuchuna ng'ombe aliyekufa ghafla, na nyama ikagawanywa kwa bei ndogo. Aliona haya kulisema, akihofu kwamba angelaumiwa. Alilitoa mbele ya daktari tu, mlango umefungwa, baada ya kuulizwa mara ya pili. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Gazeti haliwezi kumwuliza mtu mara ya pili, wala haliwezi kuyatazama macho yake anapositasita.

Sasa tazameni alichofanya daktari yule, mlinganishe na picha yetu. Kwanza aliosha majivu, kwa maana majivu yalikuwa yameificha rangi halisi ya kidonda na malengelenge ya pembeni. Kisha alibonyeza uvimbe kwa kidole akaona haubakizi shimo. Alipapasa kwapa akakuta tezi zimevimba. Alipima joto la mwili, mapigo ya moyo na pumzi. Akachukua majimaji ya chini ya gaga kwa pamba safi, yapelekwe yakatazamwe kwa hadubini. Katika mambo yote hayo, picha ingeweza kuonyesha rangi peke yake, tena rangi iliyopotoshwa na taa ya chumbani. Hata picha ya eksirei ina mpaka wa namna hiyo: ukiipiga tena kwa simu hupoteza vivuli vyembamba, na anayeisoma huhitaji kumshika mgonjwa na kujua ni wapi panapouma.

Jambo moja lilimsumbua daktari. Mgonjwa alikuwa amemeza vidonge vinne vya rangi mbili vilivyobaki nyumbani, jina lake halikujulikana. Dawa ya kuua bakteria, hata ikiwa kidogo, huweza kuvifanya vijidudu visionekane katika majimaji ya kidonda kwa muda wa siku moja tu, na hapo kipimo husema hakuna kitu ilhali ugonjwa upo. Kwa sababu hiyo daktari hakungoja majibu ya maabara. Alianza tiba kwa kuitazama habari nzima ya mgonjwa.

Siku ya tatu ya tiba mama alishtuka, kwa kuwa gaga lilikuwa bado jeusi, tena limepanuka kidogo. Akadhani dawa haifai. Muuguzi alimfahamisha kwamba sumu ya vijidudu ikishaua nyama, gaga huendelea na safari yake hata baada ya vijidudu kufa, na huchukua majuma kadhaa kudondoka. Kinachotazamwa ni uvimbe na homa. Muuguzi alikuwa amechora mstari kwa kalamu kuuzunguka ukingo wa uvimbe, akaandika saa. Uvimbe ulikuwa umerudi ndani ya mstari. Leo mume yu kazini, mkononi ana kovu. Jina la ugonjwa aliloandikiwa ni siri yake na daktari wake, nasi hatukuuliza.

Ndugu msomaji, hatusemi msiandike. Andikeni, lakini karatasi hiyo aishike mgonjwa mkononi anapokwenda kwa daktari. Andika tarehe ambayo kipele kilionekana, na kila badiliko na siku yake: siku ya kuwasha, siku ya malengelenge, siku ya weusi. Pima kwa rula upana wa gaga, kisha upime peke yake upana wa uvimbe, kwa maana hivyo ni vitu viwili. Chora mstari kwenye ukingo wa uvimbe na kuandika saa. Andika kama kinauma au kinawasha, na kama mgonjwa ana homa.

Kisha andika kazi za majuma mawili yaliyotangulia kipele: amechuna nini, amekula nyama ya wapi, ameumwa na mdudu gani, amelala porini siku ngapi. Andika na wenzake walioshika mnyama huyo huyo, wagonjwa na wazima, kwa maana huenda nao wanahitaji kuangaliwa. Mwisho andika kila dawa aliyomeza au kupakwa, vidonge vingapi na siku gani, na uchukue pakiti yake hata ikiwa tupu. Ikiwa mwili wake umewahi kuikataa dawa fulani, kama vile penisilini, liandike hilo juu kabisa ya karatasi.

Wakati wa kwenda, kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi, bila majivu, dawa ya meno wala mafuta. Kisitumbuliwe. Kitambaa kilichotolewa kichomwe moto, na aliyekishika anawe mikono. Lakini karatasi isimcheleweshe mgonjwa. Uvimbe ukiwa usoni au shingoni, au ukipanda kwa haraka, au pumzi zikiwa nzito, au pakiwa na homa kali, kichwa kuuma sana, kutapika au kuhara damu, acha kalamu, ondoka saa ile ile. Mengine mtayaeleza mkifika.

Na ng'ombe au mnyama wa porini akifa ghafla, hasa akitoka damu puani au nyuma isiyoganda, asipasuliwe wala asichunwe. Mzoga ukifunguliwa vijidudu hupata hewa na kuvaa lile ganda lao gumu, na moto wa sufuria hautoshi kukuhakikishia usalama. Mjulisheni bwana mifugo, au askari wa mbuga. Nyama ya bei ndogo ndiyo iliyomfikisha mwenzetu wa Mweya hospitalini.

Barua zenu tunazikaribisha. Swali mtuletee sisi, kidonda mpelekeeni daktari.