Ukitaka karatasi isahihishwe upya, taja karatasi

Kila Januari, matokeo ya KCSE yakishatangazwa tu, mitandao hujaa watu wanaolia kwamba wameonewa na Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC). Wachache huenda mbali zaidi na kuandika barua. Mtaani kwetu mimi ndiye yule msee wa kuchapa barua za watu, kwa hivyo nimeona kadhaa. Niseme tu ukweli: nyingi haziwezi kupata jibu lolote isipokuwa kwamba matokeo ni yale yale. Si kwamba anayezisoma ana roho mbaya. Ni kwamba hakuna kitu ndani yake anachoweza kuinuka kwenye kiti akaenda kukiangalia.

Hii hapa ya msichana wa ploti yetu aliyefanya mtihani wa 2024. Amenipa ruhusa niitumie mradi nisimtaje jina.

"Kwa Baraza. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne. Sikuridhika hata kidogo na matokeo yangu kwa sababu nilisoma kwa bidii na walimu wote wanajua mimi ni mwerevu. Wenzangu niliokuwa nikiwashinda wamepita. Naomba mnisahihishie upya karatasi zangu zote. Mungu awabariki."

Soma tena ukijifanya wewe ndiye karani. Huyu ni nani? Shule gani, mwaka gani? Karatasi zote ni zipi, na zina shida gani? Kwa masomo manane, karatasi zote ni lundo. Na "mimi ni mwerevu" si jambo ambalo mtu atalikuta kwenye karatasi ya majibu.

Tukaanza na hesabu, kwa sababu kabla ya kuomba somo lisahihishwe upya lazima ujue kama somo hilo litakusongesha popote. Gredi ya jumla ya KCSE hutoka kwa masomo saba. A ni pointi 12, E ni pointi 1, kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni 84. Tangu mtihani wa 2023, yanayohesabiwa ni Hisabati, lugha moja, kisha masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. C+, ambayo ndiyo mlango wa digrii, huanzia pointi 46. Pointi 45 ni C ya kawaida.

Yeye alikuwa na 45. Pointi moja tu, manze.

Hisabati alipata D+, yaani pointi 4, na Kiingereza C+, pointi 7. Hiyo ni 11. Juu ya hapo, Historia B- (8), Dini B- (8), Biolojia C+ (7), Kiswahili C (6) na Biashara C- (5). Hizo ni 34. Jumla 45. Somo la nane lilikuwa Kemia, D+, na ndilo lililomuuma kuliko yote. Alitaka tulipiganie hilo kwanza.

Lakini Kemia haiko kwenye yale saba. Hata ikipanda kutoka D+ hadi C-, italingana tu na Biashara na jumla ibaki 45. Ingelazimika kupanda ngazi mbili ndiyo imsogeze pointi moja. Kiswahili kikipanda ngazi moja tu, kutoka C hadi C+, tayari ana 46. Nikamuuliza Kiswahili huwa anapata ngapi. "B+, kaka. Hata moki nilipata B+." Basi hapo ndipo pa kuchimba.

B+ ya moki si sababu, ingawa watu wengi huishia hapo. Moki inaonyesha tu kwamba kuna swali la kuuliza. Sababu ni jambo ambalo mtu akifungua karatasi yako ataliona au atalikosa. Kiswahili kina karatasi tatu: 102/1 ni Insha, alama 40, 102/2 ni Lugha, alama 80, 102/3 ni Fasihi, alama 80. Nikamwambia anikumbushe alivyoandika kila moja, taratibu, hata vitu anavyoona havina maana.

Insha hakuwa na neno. Lugha, alisema ufupisho ulimshinda kidogo. Tulipofika Fasihi akasema, kama kwamba ni jambo dogo, kuwa swali la mwisho alilijibu kwenye karatasi ya ziada aliyopewa na msimamizi kwa sababu nafasi ilimwishia.

Hebu simama hapo. Katika Fasihi unajibu maswali manne. La kwanza ni la lazima na kila moja lina alama 20. Ukijumlisha karatasi zote tatu, Kiswahili kina alama 200. Swali moja la Fasihi ni sehemu ya kumi ya somo zima. Kama karatasi ile ya ziada ilichomoka, au kama mtu alifika mwisho wa kijitabu akadhani majibu yameisha, pengo la namna hiyo lingeweza kushusha gredi. Sisemi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nasema hilo linaweza kuangaliwa kwa dakika tano.

Nikamuuliza maswali mawili ambayo yangeweza kuiua barua. La kwanza: uliandika jina na nambari yako juu ya karatasi ya ziada? Akasema ndiyo. La pili: maswali matatu ya kuchagua uliyatoa sehemu gani? Maagizo ya Fasihi yanakataza kujibu maswali mawili kutoka sehemu moja. Ukijibu mawili ya riwaya, la pili halitakuokoa hata ukiliandika kama mtunzi mwenyewe, na hakuna usahihishaji upya utakaobadilisha hilo. Yeye alijibu moja la ushairi, moja la riwaya na moja la tamthilia. Sawa.

Upande wa kujitambulisha nao una mitego yake. Nambari ya mtahiniwa wa KCSE ina tarakimu 11: nane za kwanza ni za kituo na tatu za mwisho ni zako. Watu huandika zile tatu pekee, kwa sababu ndizo walizokuwa wakiitwa nazo ukumbini. Watahiniwa wenye 045 wako shule nyingi mno. Jina nalo liandikwe kama lilivyo kwenye matokeo, kwa mpangilio ule ule, si lile la Fesibuku wala lile ulilobadilisha juzi. Kama jina lenyewe lina kosa la herufi, liandike na kosa lake. Kulirekebisha ni ombi lingine kabisa, na ukiyachanganya unampa karani kisingizio cha kuuliza ni mtu mmoja au wawili.

Barua ikawa hivi. Nambari na majina nimeyaficha.

"Katibu wa Baraza, KNEC.

KUH: OMBI LA KUSAHIHISHWA UPYA KARATASI YA KISWAHILI 102/3, KCSE 2024

Mtahiniwa: [majina matatu kama yalivyo kwenye matokeo]. Nambari ya mtahiniwa: [tarakimu 11]. Kituo: [jina na nambari ya shule].

Mtahiniwa aliyetajwa alipata gredi ya C katika Kiswahili (102). Tunaomba karatasi yake ya tatu, Fasihi, ikaguliwe kwa sababu ifuatayo. Alijibu maswali manne: la kwanza ambalo ni la lazima, na moja kutoka ushairi, riwaya na tamthilia. Jibu la swali la tamthilia liliandikwa lote kwenye karatasi ya ziada iliyotolewa na msimamizi, ikiwa na jina na nambari yake.

Tunaomba, kwanza, ithibitishwe kwamba karatasi hiyo ya ziada imo pamoja na majibu yake na kwamba ilisahihishwa. Pili, alama za maswali yote manne zijumlishwe upya na kulinganishwa na zilizoingizwa. Tatu, jibu la tamthilia lisahihishwe upya iwapo litaonekana halikupewa alama. Hatuombi ukaguzi wa karatasi nyingine.

Tumeambatisha nakala ya matokeo na rekodi ya Kiswahili ya mtahiniwa ya Kidato cha Nne."

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini kila ombi lina jibu la ndiyo au la. Ile sentensi ya kusema hatuombi ukaguzi mwingine alitaka niifute. Nilikataa. Inamwambia msomaji kwamba huyu hajaja kubahatisha.

Utaona pia imeandikwa kwa "sisi". Maombi ya namna hii hupitia kwa mkuu wa shule, na muda ni mwezi mmoja tangu matokeo yatangazwe. Matokeo ya 2024 yalitoka Januari 9, 2025, kwa hivyo ukikaa wiki tatu ukinung'unika umebaki na siku chache za kumtafuta mwalimu mkuu ambaye yuko mbioni na kazi zake. Mpelekee barua ikiwa imeandikwa tayari, abaki na kazi ya kusoma, kutia sahihi na kupiga muhuri. Omba nakala yenye muhuri na tarehe. Barua iliyokaa kwenye droo ya shule haina tofauti na barua ambayo haikuandikwa.

Na usiite kila kitu "kusahihisha upya". Kwenye KCPE ya mwisho, ile ya 2023, kuna watahiniwa waliopokea matokeo yenye alama za Lugha ya Ishara ilhali walifanya Kiswahili. Kosa kama hilo halimhitaji msahihishaji hata mmoja. Linahitaji mtu alinganishe somo ulilosajiliwa na somo lililochapishwa. Ukiomba usahihishaji upya hapo, utangoja jibu la swali ambalo hukukusudia kuuliza.

Sasa lawama yangu, kwa sababu sitaki ionekane shida yote ni ya watoto kutojua kuandika. Matokeo ya KCSE yanakupa gredi ya somo, basi. Hayasemi ulipata ngapi kwa kila karatasi. Huyu msichana ilibidi akae kwenye ngazi za ploti akikumbuka mtihani wa miezi miwili iliyopita ili tukisie shida iko karatasi gani. Kama angeona Insha 24, Lugha 47, Fasihi kiasi fulani, angejua mara moja pa kuuliza, au angejua hana cha kuuliza na aokoe muda wa kila mtu. Alama hizo zipo, maana bila hizo gredi haiwezi kupatikana. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na sijaona ni habari gani ya mtu iliyo yake zaidi ya alama alizopata kwenye mtihani wake mwenyewe. Baraza lichapishe alama za kila karatasi kando ya gredi, hata kama ni kwa mtahiniwa anayeomba pekee, na ziwe mkononi mwake kabla ule mwezi mmoja haujaisha.